Healing Brush ya Photoshop mdomoni mwa mtoto mchanga: inaweza nini, inashindwa wapi

Karibuni watazamaji. Leo nachambua kifaa kimoja tu ndani ya Photoshop, Healing Brush, na nakipima mahali kinapotaabika zaidi: mdomo wa mtoto mchanga. Nina picha ya mtoto wa miezi kama saba hivi. Udenda unashuka kutoka mdomo wa chini hadi kidevuni, na shavuni kuna karoti iliyopondwa. Nina pia picha ya pili ya kikao hichohicho, ana chuchu bandia. Hiyo tutaifikia mwishoni, kwa sababu ina kanuni zake.

Kwanza tuelewane kifaa hiki kinafanya nini. Unashika Alt, au Option kwenye Mac, unabofya ngozi safi, kisha unapaka juu ya doa. Healing Brush huchukua vinyweleo na chembechembe za pale ulipobofya, lakini rangi na mwanga huvichukua kwenye kingo za mahali unapopaka. Hapo ndipo penye uzuri wake na matatizo yake yote. Katikati ya paji la uso, kingo zote ni ngozi, kwa hiyo matokeo ni safi. Ukipaka karibu na mdomo, ukingo mmoja ni ngozi na mwingine ni mdomo wenye rangi nyingine. Kifaa kinachanganya rangi hizo mbili, na unabaki na ukungu mchafu chini ya mdomo, kama mtoto amepakwa rangi ya mdomo ikafutwa vibaya. Wengi wakiuona ukungu huo huhama kwenda kutia ngozi yote ukungu ili ulingane. Na hapo ngozi imeshakufa.

Dawa yake ipo, na wengi hawaitumii. Kabla ya kupaka, chukua Lasso, zungushia eneo la udenda. Upande wa kidevu acha nafasi ya kutosha, lakini upande wa mdomo mstari ufuate mpaka halisi wa mdomo, bila kuupanda. Healing Brush haivuti rangi kutoka nje ya eneo ulilochagua. Kwa hiyo ule wekundu wa mdomo hauna njia ya kuingia kwenye ngozi. Tofauti mnaiona hapa kwenye skrini: kushoto nimepaka bila Lasso, kulia nimepaka nayo, brashi ileile, mahali palepale nilipobofya. Upande wa kulia mpaka wa mdomo umebaki mkali kama ulivyopigwa na kamera.

Mpangilio wangu ni huu. Leya mpya tupu juu ya picha, Sample iwe Current & Below, ili picha ya asili isiguswe hata kidogo. Diffusion naishusha hadi 3. Namba ndogo hulinda mambo madogomadogo kama malaika, vile vinywele laini vya shavuni. Namba kubwa hufaa mahali palaini pasipo na kitu. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko doa, na upake kwa mikupuo mifupi.

Sasa udenda. Watu huona ule mng'ao mweupe wakadhani ndio udenda wote. Sivyo. Ngozi iliyolowa huwa nyeusi kidogo na rangi yake imekolea kuliko ngozi kavu, na kwa mtoto anayetoka udenda mara nyingi kidevu kimekuwa chekundu. Ukifuta mng'ao peke yake, unabaki na doa la unyevu lisilo na maji: jicho linajua kuna kitu, ila halijui ni nini. Tena, kwa kuwa kifaa huchukua rangi kwenye kingo, mkupuo ukiishia ndani ya sehemu iliyolowa utaleta rangi ileile ya kulowa. Pitiliza mkupuo hadi ngozi kavu. Uzi wa udenda unaoning'inia una pia kivuli chake chembamba ubavuni. Futa vyote kwa pamoja. Na ule wekundu mpana nauachia Healing Brush? Hapana. Naupunguza kwa leya ya rangi ambayo nitaieleza sasa hivi, na siumalizi wote, kwa sababu kidevu cha mtoto hakina rangi moja hata kikiwa kikavu.

Kwenye mdomo wenyewe, acha mng'ao mmoja. Tazama mwanga ulioakisiwa machoni umetoka upande gani, kisha bakiza mng'ao wa mdomo unaokubaliana na upande huo. Ukiondoa wote, mdomo unakuwa nta. Na kale kauvimbe katikati ya mdomo wa juu, ambako watoto wengi wanaonyonya huwa nako, si doa. Msikiguse.

Karoti. Hapa Healing Brush napata kuiweka pembeni. Ikuze picha hadi 100% uangalie: je, vinyweleo vinaonekana kupitia ile rangi ya machungwa? Kama vinaonekana, ngozi ipo, imepakwa rangi tu, na hakuna haja ya kuibadilisha. Fungua leya mpya, hali yake iwe Color, chukua rangi ya shavu safi lililo karibu, kisha paka kwa brashi laini yenye Opacity ya 20% hivi, kidogo kidogo. Rangi inabadilika, umbile la ngozi linabaki lilelile. Hali ya Color haigusi mwanga, kwa hiyo kama doa limeacha sehemu yenye giza kidogo, inyanyue kwa Curves yenye maski. Pale karoti ilipokaa nene hadi ina kivuli chake, hapo ndipo unarudi kwenye Healing Brush, na ubofye shavu lilelile, upande uleule wa mwanga. Nimejaribu shavu la pili, chembechembe zikaelekea kwingine, na inaonekana.

Chuchu bandia sasa. Healing Brush haitaiondoa, na siilaumu: haiwezi kutoa mdomo ambao kamera haikuuona. Unachohitaji ni picha nyingine ya mtoto huyohuyo, mwanga uleule, kichwa kimeelekea vilevile. Iweke juu, Opacity 50%, kisha Ctrl+T uilinganishe. Usitafute pembe za mdomo, zimefunikwa. Tumia matundu ya pua na ncha ya kidevu. Maski iwe pana kuliko ile ngao ya plastiki, kwa sababu inaacha alama na kivuli pembeni, na mtoto anaponyonya mashavu huvutwa ndani. Kwa hiyo mshono upitie katikati ya shavu, palipo laini, si kwenye mkunjo kando ya pua. Healing Brush inakuja baada ya hapo, kulainisha mshono, na kwa kazi hiyo ni hodari sana.

Kidevu kikigoma kulingana, kichwa kimegeuka zaidi ya inavyovumilika. Tafuta picha nyingine. Na kama hakuna picha ya pili, msimkopee mdomo wa mtoto mwingine. Mzazi atautambua kabla hata hujamaliza kumwonyesha. Mimi huiacha chuchu bandia mahali pake, nikafuta mng'ao mkali wa plastiki na udenda uliokusanyika chini ya ngao, basi.