Vishale vingi ndani ya VS Code: uzoefu wangu wa kuhariri mistari 24 kwa mkupuo

Kipengele cha vishale vingi katika kihariri msimbo cha VS Code, kinachokuwezesha kuandika sehemu nyingi kwa wakati mmoja, nakipa alama za juu, ila kwa sharti moja: ukitumie kwa kufuata mipaka ya maneno na ya mistari, usihesabu herufi. Anayebonyeza kitufe cha mshale mara nne akitumaini vishale vyote vitafika pamoja ataharibu nusu ya mistari, kwa sababu maneno hayalingani urefu. Hapa nitaeleza kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana ndiyo inayoonyesha ubora wake na mitego yake.

Tuseme umebandika orodha ya sehemu za fomu, mistari 24, ndani ya faili la JavaScript. Mitatu kati yake ni hii:

```
jina, Jina kamili
simu,Namba ya simu
anwani, Mtaa, namba ya nyumba
```

Unataka kila mmoja uwe hivi:

```
jina: "Jina kamili",
```

Wengi huanza kwa kuchagua alama ya mkato kwenye mstari wa kwanza, kisha kubonyeza Ctrl+Shift+L ili mikato yote ichaguliwe. Mimi siishauri njia hiyo. Kwanza, amri hiyo hupita faili zima, hivyo mikato ya msimbo ulio juu na chini ya orodha nayo inaingia. Pili, mstari wa anwani una mikato miwili. Ikiwa ni lazima uitumie, soma namba iliyo chini ya dirisha, kwenye upau wa hali, panapoandikwa kwa mfano `25 selections`. Mistari ni 24, vishale ni 25: kuna mstari wenye mkato wa ziada, na ukiendelea kuandika utauharibu. Namba hiyo ndogo ndiyo ukaguzi bora uliomo humo, na ajabu ni kwamba watu wengi hawaitazami kabisa.

Njia ninayoiamini huanzia kwenye mistari yenyewe. Kabla ya yote, chagua mistari yote 24 na ubonyeze Ctrl+K kisha Ctrl+X ili kufuta nafasi tupu za mwisho wa mistari. Ukiruka hatua hii, nafasi hizo zitaishia ndani ya alama za nukuu, na "Jina kamili " yenye nafasi mwishoni ni kosa usiloliona kwa macho. Mistari ikiwa bado imechaguliwa, bonyeza Shift+Alt+I. Kila mstari unapata kishale mwishoni mwake. Angalizo: kishale cha mstari wa mwisho huwekwa pale uchaguzi wako ulipokomea, si lazima mwisho wa mstari. Kama uliburuta kipanya ukaachia katikati, hicho kimoja kitakuwa nyuma ya wenzake. Dawa yake ni kubonyeza End mara moja, vyote vikapangika.

Sasa bonyeza Home, halafu Ctrl na mshale wa kulia mara moja. Kila kishale kinasimama mwishoni mwa neno la kwanza, kabla tu ya mkato, liwe neno la herufi nne au la herufi kumi. Alama ya kistari cha chini huhesabiwa kuwa sehemu ya neno, kwa hiyo `barua_pepe` hurukwa yote kwa mara moja; lakini `barua-pepe` yenye kistari cha kawaida hukatwa katikati, na kishale kitakwama baada ya `barua`. Kagua hilo mapema.

Bonyeza Delete kuondoa mkato, andika nukta pacha. Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Mkono unataka kubonyeza mshale wa kulia mara moja ili kuvuka nafasi, lakini mstari wa simu hauna nafasi baada ya mkato. Matokeo yake kishale kinaruka herufi N, na ukishaweka nukuu unapata hiki:

```
simu:N"amba ya simu",
```

Badala yake bonyeza Ctrl na mshale wa kulia, kisha Ctrl na mshale wa kushoto. Vishale vinakwenda mwisho wa neno linalofuata, halafu vinarudi mwanzoni mwake, pawe na nafasi moja, tatu au pasiwe na hata moja. Ni mbinu ndogo lakini ndiyo inayoifanya kazi nzima itegemeke. Baada ya hapo bonyeza Shift+End kuchagua hadi mwisho wa mstari, andika alama ya nukuu mara moja tu, na programu itayazungushia nukuu pande zote mbili maneno yaliyochaguliwa. Bonyeza End, andika mkato, umemaliza. Mkato wa ndani ya anwani umebaki salama kwa sababu hatukuugusa. Tofauti pekee iliyobaki ni nafasi inayokosekana baada ya `simu:`, na hiyo huirekebisha kipanga msimbo.

Ukikosea katikati, Ctrl+Z hurudisha mistari yote kwa pamoja, si mmoja mmoja. Kuwa mwangalifu zaidi na Esc. Orodha ya mapendekezo ikijitokeza unapoandika, Esc ya kwanza huifunga. Ya pili hufuta vishale vyote isipokuwa kimoja. Ukibonyeza mara mbili kwa haraka, usiandike chochote kwanza. Bonyeza Ctrl+U, vishale vitarudi.

Ctrl+D, ambayo huongeza neno linalofanana moja baada ya jingine, naipenda kwa kazi za mistari michache. Ina tabia moja inayowachanganya hata wazoefu. Ukiweka kishale ndani ya neno bila kuchagua kitu, inatafuta neno kamili na kuheshimu herufi kubwa na ndogo. Ukilichagua neno mwenyewe kwa kipanya, inafuata mipangilio ya kisanduku cha kutafuta, ambayo kwa kawaida haijali lolote kati ya hayo mawili, na hapo `jina` itanasa pia `Jina` na `majina`. Ikikuletea usiyoyataka, Ctrl+K kisha Ctrl+D huruka hilo na kwenda linalofuata.

Kubandika nako kuna kanuni yake. Ukinakili mistari 24 na una vishale 24, kila kishale kinapata mstari wake. Vishale vikiwa 23, kila kimoja kinabandika mistari yote 24, na faili linavimba ghafla. Ukiona hivyo, rudisha kwa Ctrl+Z na uhesabu tena.

Alama ninazoipunguzia ni za kuhesabu: huwezi kuweka 1, 2, 3 kwenye mistari inayofuatana kwa kuandika tu, kwa kuwa vishale vyote huandika herufi zilezile. Na mabadiliko yakigusa mafaili mengi, naacha vishale na kutumia utafutaji wa folda nzima, Ctrl+Shift+H.