Namanga: Vitunguu au Mchele?

Ukitoka Arusha kwenda kuuza Kenya kupitia Namanga, vitunguu vya Mang'ola ndivyo vinavyovutia macho, kwa kuwa tofauti ya bei yake huonekana kubwa. Lakini mchele usiudharau.

Tupige hesabu ya mfano, kilo 1,000 kwa shilingi za Tanzania. Kitunguu umenunua 1,000 kwa kilo, gharama za njiani 250, unauza 1,600. Kwenye karatasi faida ni 350,000. Sasa kikinyauka na kuoza asilimia 10, unauza kilo 900 tu na unabaki na 190,000. Mchele umenunua 2,000, gharama 200, unauza 2,450. Hata zikimwagika kilo 10 unabaki na 225,500. Ubaya wake ni mtaji, karibu mara mbili.

Kitunguu kibonyeze shingoni kabla ya kulipa: ikiwa laini, hakijakauka, na kitaoza ndani ya gunia. Mchele tafuna punje. Ikivunjika kwa mlio ni mkavu, ikibonyea itavunda. Angalia chenga pia, mnunuzi ataziangalia.

Mpakani, mzigo wa mazao ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa hupata cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha mzigo umetoka wapi. Cheti cha afya ya mimea hakiepukiki, na foleni ya siku mbili chini ya turubai kwenye jua huumiza kitunguu, si mchele.

Mwenye mtaji mdogo na mnunuzi anayemsubiri, abebe vitunguu. Mimi ningebeba mchele.