Kelly nzima au robo Kelly? Hesabu ya mtaji wa laki mbili

Wanangu wa Mwanjelwa, chukua mechi moja tu pale Sokoine, odi 2.10, we unaamini Mbeya City ana asilimia 55 za kushinda. Fomula ya Kelly, inayokwambia uweke sehemu gani ya mtaji, ni hii, p ni hiyo nafasi ya kushinda:

```
(p × odi − 1) / (odi − 1)
(0.55 × 2.10 − 1) / 1.10 = 0.141
```

Kelly nzima inakwambia weka asilimia 14, yaani kama 28,200 kwenye laki mbili. Robo inasema 7,000 hivi.

Sasa shida iko kwenye hiyo 55, umeitoa wapi? Kichwani, na ukishabikia timu ya nyumbani lazima uipandishe kidogo. Tuseme ukweli ni 50. Kelly halali hapo ni asilimia 4.5 tu, we umeweka mara tatu yake, na ukishapita mara mbili mtaji unaliwa taratibu hata kama odi bado ni nzuri kwako, hapo ndo wengi wanadhani wamelogwa. Robo iko 3.5, bado unakua.

Ukipigwa tano mfululizo, Kelly nzima inakuacha na 93,000 na kidogo, robo inakuacha na 167,000.

Mi nafanya hivi, Jumapili jioni napiga hesabu ya mtaji uliobaki, na wiki nzima kila beti napigia robo kwenye huo huo, p naiandika daftarini kabla ya mechi, sigusi tena. Zikifika beti mia naangalia zile za 55 zimeingia ngapi kweli. Na mkeka wa timu nane fomula hii inataka p ya mkeka mzima, siyo ya timu moja.