Mfumo wa CRM na namba ya simu: uzoefu wangu

Nimefanya kazi ya mauzo kwa muda mrefu nikitumia mfumo wa CRM, yaani programu ya kutunza taarifa za wateja, na ukiniuliza wateja watarajiwa hupotelea wapi, nitakuambia uanze kuangalia sehemu ya namba ya simu.

Mfumo wetu hutambua rekodi zinazojirudia kwa barua pepe. Ni jambo zuri, ila mteja anayepiga simu mara nyingi haachi barua pepe. Kuna mama mmoja alijaza fomu ya mtandaoni, namba yake ikaingia ikianza na sifuri. Baadaye akapiga simu, mwenzangu akamwandika upya kwa namba inayoanza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Mfumo ukaona watu wawili. Mazungumzo yote, pamoja na ombi lake kwamba apigiwe bajeti yao ikishapita, yakakaa kwenye rekodi ya pili. Ile ya kwanza, iliyokuwa mikononi mwangu, ilionyesha hajawahi kutafutwa. Nilipompigia na kuanza kujitambulisha, akauliza, "Mbona nimeshaongea na mwenzako?"

Tangu hapo namba zote tunaziandika kwa mtindo mmoja: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe bila sifuri ya mwanzo, nafasi wala vistari. Kwa orodha inayotoka Excel, safu ya simu igeuzwe kuwa maandishi kabla namba hazijaingizwa. Usipofanya hivyo, sifuri ya mwanzo inafutika, na namba ndefu inaweza kugeuka kitu chenye herufi E katikati. Ukiiona hiyo E, usipakie.

Kuunganisha rekodi mbili kunataka utulivu. Kwetu, simu na maelezo ya pande zote mbili hubaki, lakini pale taarifa zinapopingana, ya rekodi kuu ndiyo inayoshinda, na ukishaunganisha hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo mimi hulinganisha kwanza nani anamhudumia mteja na yuko hatua gani.

Vikumbusho ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Nimetengeneza kichujio kinachoonyesha kila mteja ambaye biashara naye bado haijafungwa lakini hana kazi ya mbele yenye tarehe. Nakifungua kila asubuhi, na sifungi siku kikiwa na jina hata moja. Kikumbusho chenyewe nakiandika kabla sijapiga simu nyingine, tena kwa maneno kamili: "Uliza kama bajeti imepita, mtumie bei mpya." Ukiandika "fuatilia" tu, siku ikifika utalazimika kusoma historia yote upya.

Kasoro iliyobaki ni simu zinazopigwa nje ya mfumo. Hizo hazijiandiki zenyewe, na kwa muuzaji anayeshinda barabarani ndizo nyingi. Ukichagua mfumo, jaribu kwanza programu yake ya simu ya mkononi: kama kuandika simu moja kunahitaji kupita kurasa nne, wauzaji wako hawataandika.