Kiti cha Ofisi Kinachoshuka Chenyewe: Pima Kwanza, Ndipo Ununue Silinda

Kiti kinachokushusha polepole ukiwa kazini kwa kawaida kimeharibika kitu kimoja tu: silinda ya gesi iliyosimama katikati ya miguu mitano na kikalio. Mafundi wengi huiita haidroliki au shokapu ya kiti, na ukifika dukani kwa majina hayo utaeleweka. Shida ni kwamba watu hununua kiti kipya kabla ya kujua kilichoharibika, au hununua silinda isiyolingana na urefu wao. Tuanze na uchunguzi.

Bomba la nje, ambalo kwenye viti vingi lina kipenyo cha milimita 50, limebeba silinda nyembamba iliyojazwa naitrojeni kwa mgandamizo mkubwa. Ndani yake kuna pistoni inayogawa nafasi vyumba viwili. Ukinyanyua mkono wa kurekebisha, unabonyeza kitufe kilicho juu ya silinda, vali inafunguka, na gesi inahama chumba hadi chumba. Ukiachia, vali inafunga. Gesi haina pa kwenda, kwa hiyo inabeba uzito wako. Sili za pistoni au za vali zikilika, gesi hupenya kidogo kidogo hata vali ikiwa imefungwa. Ndiyo maana kiti kinashuka taratibu badala ya kuporomoka.

Je, ni silinda kweli?

Pandisha kiti hadi mwisho kikiwa hakina mtu. Pima kwa futi urefu wa bomba jembamba linalong'aa, kuanzia linapotokeza kwenye bomba nene hadi linapoingia chini ya kikalio. Kama kuna vikombe vya plastiki vinavyolifunika, vinyanyue. Kaa dakika kumi na tano bila kugusa mkono wa kurekebisha, kisha mtu mwingine apime tena ukiwa umekaa. Usisubiri kuinuka ndipo upime, kwa sababu silinda inayovujisha ndani mara nyingi hujipandisha yenyewe ikiondolewa uzito. Hicho ndicho kisa cha kiti ulichokiacha chini jioni na kukikuta juu asubuhi.

Bomba linalong'aa likiwa limepungua kwa sentimita kadhaa, silinda imechoka. Kikalio kikiwa kimeshuka lakini bomba hilo lina urefu uleule, silinda haina kosa: inazama kwenye tundu la miguu mitano lililopasuka. Chungulia chini ya kiti. Miguu ya plastiki hupasuka kuzunguka tundu la katikati, na kitako cha silinda huanza kusogea sakafuni. Hapo silinda mpya itakuwa hasara.

Kama kiti kinashuka kwa kasi, mara tu unapokaa, shuku mkono wa kurekebisha. Lazima uwe na nafasi ndogo ya kuchezacheza kabla haujagusa kitufe. Ukiwa umepinda, au silinda imepanda mno ndani ya tundu la bamba la chuma lililo chini ya kikalio, kitufe kinabaki kimebonyezwa na vali haifungi kamwe. Kuunyoosha mkono huo ni kazi ya koleo, haina gharama.

Jaribio la mwisho: nyanyua mkono kiti kikiwa kitupu. Kikipanda kwa nguvu huku bado kinashuka ukikaa, gesi ipo na inapita ndani kwa ndani. Kisipopanda kabisa, gesi imeshatoka nje. Kwa vyovyote vile dawa ni ileile, kwa sababu silinda hizi hazikuundwa zifunguliwe na kujazwa tena. Fundi anayesema ataijaza gesi, mshukuru na uondoke.

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Viti vingi vya ofisi vinatumia silinda yenye kichwa cha takriban milimita 28 na kitako cha milimita 50, vyote vimechongwa vikipungua kidogo ili vijikaze vyenyewe bila skrubu. Hakikisha kwa vernia, maana viti vingine vya bei kubwa vina kichwa cha aina nyingine au vinafunguliwa kwa waya badala ya mkono unaobonyeza kitufe. Hivyo vinataka silinda ya mtengenezaji wake.

Kipimo kinachowaponza wengi ni urefu. Muuzaji atakutajia mwendo, yaani silinda inapanda na kushuka kwa kiasi gani. Lakini silinda yenye mwendo mrefu huwa ndefu zaidi hata ikiwa imeshuka kabisa. Chukua mfano wa kiti ambacho silinda yake ina sentimita 29 ikiwa imeshuka na 39 ikiwa imepanda, na kikalio chake kinacheza kati ya sentimita 42 na 52 kutoka sakafuni. Mwenye kiti, akiwa amevaa viatu, ana sentimita 43 kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Muuzaji anampa silinda ya mwendo wa 14, yenye 31 ikishuka na 45 ikipanda, akisema kubwa ni bora. Ikikaa kwenye matundu yake kwa kina kilekile, kikalio kitacheza kati ya 44 na 58. Kwa hiyo hata kiti kikishushwa hadi mwisho, nyayo zake hazitatulia sakafuni, na makali ya kikalio yatambana mapaja siku nzima. Kwake mwendo wa 10 ndio sahihi. Mtu mrefu mwenye meza ndefu ndiye wa kuchukua ule wa 14.

Kwa hiyo andika mambo matatu: kipenyo cha juu na cha chini, urefu wa silinda ikiwa imeshuka, na mwendo wake.

Chaguo kwa mpangilio wa ubora

La kwanza ni silinda mpya ya daraja la 4 yenye vipimo vilevile. Daraja linahusu uimara wa bomba, na la 4 ndilo imara zaidi kati ya zinazouzwa kwa kawaida. Linamfaa mtu mzito, kiti kinachotumiwa kwa zamu, au mtu anayejitupa anapokaa. Tafuta maandishi yaliyopigwa kwenye bomba lenyewe: jina la mtengenezaji, daraja, na kiwango kama EN 16955 au DIN 4550 iliyotangulia. Stika ya karatasi peke yake si ushahidi.

La pili ni daraja la 3 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Tunaiweka juu ya ile "ya daraja la 4" isiyo na jina, kwa sababu kilichoua silinda yako ni sili, na unene wa bomba hausemi lolote kuhusu ubora wa sili. Mtu wa uzito wa kawaida anayekaa saa nane hatapungukiwa na kitu.

La tatu ni bomba la PVC, na ni suluhisho la heshima kwa kiti cha mtu mmoja asiyebadilisha urefu. Chukua bomba la inchi moja na nusu. Pandisha kiti kwenye urefu unaoutaka, pima sehemu inayong'aa, kata bomba kwa urefu huo, kisha lipasue kwa msumeno wa chuma upande mmoja kutoka juu hadi chini. Litanue na ulivishe kwenye silinda baada ya kuondoa vikombe vya plastiki, halafu libane kwa klipu mbili za mpira wa maji. Uzito sasa unabebwa na bomba. Hakikisha mdomo wake wa chini unakaa juu ya ukingo wa chuma wa bomba nene. Mdomo huo ukikalia bushi ya plastiki ya ndani, utaivunja. Paka grisi kwenye ukingo huo kwa sababu kiti kikizunguka vitasuguana. Unapoteza uwezo wa kushusha kiti, basi.

La nne ni silinda iliyotolewa kwenye kiti kibovu. Ipokee tu kama imejaribiwa ikiwa bado kwenye kiti, mtu amekaa kwa robo saa, na bei ni ndogo kweli. Sili zake zimeshatumika, na wewe hujui kwa muda gani.

La mwisho kabisa ni klipu peke yake iliyokazwa kwenye bomba linalong'aa. Hulegea na kuteleza, na hulikwaruza bomba. Itumie kufika mwisho wa wiki.

Kuna kazi ambazo hazimo kwenye orodha hata kidogo: kutoboa silinda ili kupitisha bolti, na kuichomelea isimame. Ndani kuna gesi yenye mgandamizo, na ama tundu ama moto vinaweza kuifanya ifyatuke. Usikubali hata kama fundi amekwisha fanya kwa wengine.

Kiti kipya kinakuwa na maana pale miguu imepasuka, au tundu la bamba la chuma limetanuka kiasi kwamba kikalio kinayumba.

Kuitoa na kuiweka

Laza kiti ubavu. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio yote mawili na usubiri. Kutoa miguu, weka kipande cha bomba kwenye ukingo wa bomba nene unaoonekana chini, kisha gonga kwa nyundo. Usigonge klipu na washa zilizo katikati. Upande wa kikalio, shika silinda kwa spana ya bomba karibu na bamba na uizungushe huku na huku mpaka iachie. Makovu si tatizo kwa kuwa inatupwa, ila uso wako usiwe mbele yake.

Silinda mpya nyingi huja na kifuniko cha plastiki juu ya kitufe, kitoe. Futa matundu yakauke kabisa. Hapa watu hupaka grisi wakidhani wanatunza, kumbe maungio haya yanashikana kwa msuguano, na grisi inayafanya yateleze na kuyumba. Chomeka kwa mkono, kaa kwa uzito wako wote, na usigonge kitufe kwa nyundo. Silinda mpya huwa ngumu mwanzoni, hivyo nyanyua mkono ukiwa umekaa, mara kadhaa.

Rudia kipimo cha dakika kumi na tano siku hiyohiyo, risiti ikiwa bado mkononi. Bomba likipungua tena kwa sentimita, irudishe. Silinda nzima haisogei. Ile ya zamani usiitupe kwenye moto wa taka. Mpe mnunuzi wa chuma chakavu, na umwambie kwamba bado ina gesi ndani.