Kifundo cha skrubu au cha kusukuma?

Saa mbili za mkononi za michezo kwenye kabati la kioo pale River Road, Nairobi, zaweza kufanana kabisa, tofauti ikawa kwenye kifundo cha kurekebishia majira. Cha kusukuma unakivuta, unapanga saa, unakirudisha. Kwisha.

Cha skrubu kina kazi kidogo. Kizungushe kinyume na mwendo wa mishale hadi kijitokeze chenyewe kwa springi, ndipo ukivute na kupanga saa. Kufunga ndiko kwenye mtihani: kirudishe ndani, kikandamize kwenye bodi, kwanza ukizungushe kinyume taratibu mpaka usikie nyuzi za skrubu zimeshuka mahali pake, kisha kaza kwa mwendo wa mishale. Kikigoma mapema au kikikaa upande, nyuzi zimepandana. Fungua uanze upya. Ukilazimisha utaziharibu. Kikifika mwisho, acha. Kukaza zaidi kunakula raba ya ndani inayozuia maji.

Kwa kuogelea nachagua cha skrubu, kwa kuwa hakivutiki kwa bahati mbaya majini. Lakini kikiachwa wazi, usiingie nacho bwawani. Ukungu ukitanda chini ya kioo, mpelekee fundi siku hiyohiyo.