Kopo namba 2 si la mtoto wa miezi miwili: uzoefu wangu na maziwa ya kopo Kampala

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na wiki saba mama yake alipoambiwa kuwa dawa za saratani zinaanza, na kunyonyesha kunakoma siku hiyo hiyo. Mimi ndiye mama mkubwa, nyumba yangu ya Makindye ndiyo iliyokuwa na nafasi, kwa hiyo mtoto akaja kwangu na mfuko wa nguo. Wangu watatu wote nimewanyonyesha. Maziwa ya kopo nilikuwa nayaona tu dukani, juu kabisa ya rafu, karibu na sigara.

Kopo la kwanza nililipata kwa msaada wa muuzaji. Akaniuliza, "Mama, mtoto ana miezi mingapi?" Nikamwambia miwili inakaribia. Akanyoosha mkono akanishushia kopo lenye namba 2 kubwa mbele, na mimi nikaona sawa, miwili na mbili. Nikalipa, nikapanda boda.

Siku tatu baadaye tukaenda kumpima uzito. Nesi alianza kwa kuniuliza kama kweli kunyonyesha haiwezekani, maana wanakuja wengi walioachishwa kwa hofu tu, hata mama wenye virusi ambao wanameza dawa zao vizuri na wangeweza kuendelea. Nilipomweleza habari ya saratani akanyamaza, akaomba kuliona kopo. Akaligeuza, akaweka kidole kwenye maandishi madogo chini ya jina: kuanzia miezi sita. Choo cha mtoto kilikuwa kimeanza kuwa kigumu. Siwezi kuapa kwamba ni lile kopo, lakini tulipobadilisha kililainika.

Namba iliyo mbele ya kopo ni hatua, si miezi. Namba 1 ndiyo ya tangu kuzaliwa. Namba 2 inaanza miezi sita, na mtoto mdogo hapaswi kupewa. Namba 3 ni ya aliyevuka mwaka. Halafu kuna mtego mwingine uliokaribia kuninasa wiki iliyofuata: kopo la manjano limeandikwa 1+, bei yake karibu nusu ya yale mengine. Nilishalishika mkononi. Ile alama ya kujumlisha maana yake ni mwaka mmoja na kuendelea, yaani maziwa ya unga ya mtoto anayetembea. Namba 1 na 1+ zinakaa rafu moja, na kwa macho ya haraka ni kitu kimoja. Sasa sisomi namba kabisa. Natafuta umri ulioandikwa kwa maneno, na nisipouona kwa lugha ninayoisoma, kopo linabaki dukani. Makopo mengine yamepita nchi za Kiarabu na maelekezo yote ni ya Kiarabu, hata kipimo cha kijiko hukielewi.

Kuhusu chapa, sitaji hata moja, kwa sababu sikuona tofauti ya kulipia. Maziwa ya namba 1 yanatakiwa kufuata kiwango cha kimataifa cha Codex: nguvu iwe kati ya kalori 60 na 70 kwa kila mililita 100 yakishakorogwa. Niliyageuza makopo matatu dukani, la bei ya chini, la kati na lile la dhahabu lenye picha ya dubu, na yote yalikuwa ndani ya hapo. Dubu ndiye anayelipiwa.

Sasa bei, maana ndipo nilipoumia. Nesi alinipa hesabu ambayo ningeipata mapema ningeokoa fedha nyingi: mtoto wa umri huo anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wetu alikuwa na kilo 4.6, basi ni mililita 690. Kopo letu linasema kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa mililita 30 za maji, kwa hiyo ni vijiko 23, na vijiko 23 ni karibu gramu 100 za unga. Gramu 100 kwa siku. Kopo la gramu 400 ni siku nne tu, wakati mimi nilidhani ni la wiki mbili.

Nikaanza kulinganisha kwa gramu 100. Dukani kwetu kopo la gramu 400 lilikuwa shilingi 38,000, yaani 9,500 kwa siku. Boksi la gramu 350 lilikuwa 34,000, na wengi wanalichukua hilo kwa sababu fedha inayotoka mfukoni ni ndogo, kumbe ndilo ghali kuliko yote: 9,700 kwa siku. Kopo la gramu 900 nililipata Kikuubo kwa 76,500, sawa na 8,500. Kwa mwezi ni 30,000 zinabaki, na huyo bado mtoto mdogo. Shida ni kuzipata hizo 76,500 kwa mkupuo. Tulichanga ndugu wanne.

Kuna wiki mchango ulichelewa na shemeji akashauri tuweke vijiko vitatu mahali pa vinne, "ili lisogee." Nilikataa. Maziwa mepesi yanajaza tumbo bila kumlisha, mtoto analala kwa kushiba maji huku uzito umesimama kwenye kadi. Na kijiko cha kopo moja hakipimii kopo jingine, kwani kuna chapa ambazo kijiko chao kimoja ni cha mililita 60 za maji. Kijiko kikipotea, usikadirie kwa kijiko cha chai. Unga wenyewe pia si kwamba hauna vijidudu, ndiyo maana nakoroga kwa maji yaliyochemka na kukaa muda usiozidi nusu saa, bado ya moto sana, kisha napooza kikombe kwenye bakuli la maji baridi. Namnywesha kwa kikombe. Chuchu ya chupa sikuweza kuisafisha nikairidhia.

Alipofika miezi minne, jirani akaniletea kilo ya unga wa uji: mahindi, ulezi, soya, karanga, dagaa, picha ya mtoto anayecheka. Shilingi 7,000. Niliugeuza mfuko kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na umri, wala tarehe ya kusagwa, wala mahali ulikotengenezwa. Nikamshukuru, uji tukanywa sisi wakubwa. Mahindi na karanga zilizokaa kwenye unyevu hupata sumu ya ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kwenye unga uliochanganywa huwezi kuona karanga zilikuwaje.

Miezi sita ilipotimia nilianza na ulezi peke yake, niliouchagua na kuusagisha mwenyewe. Karanga nachambua kwa mkono, iliyosinyaa au yenye doa naitupa, natwanga laini na kutia kijiko ndani ya sufuria. Uji wake haumwagiki kijiko kikiinamishwa. Sikupunguza maziwa ghafla kwa sababu ya uji, na namba 2 sikuinunua tena: nesi alisema namba 1 inaweza kumfikisha mwaka.

Ana miezi minane sasa. Mama yake anakuja Jumamosi kumnywesha mwenyewe, na kabla ya yote hugeuza kopo kusoma tarehe niliyoandika kwa kalamu chini yake siku ya kulifungua.